Ajira za maeneo ya mauzo ya nje: Tuhesabu na haki, si vichwa tu

Hapa Mbozi Mission, kahawa ikishavunwa na kuuzwa, vijana wengi huanza kuulizana habari za safari. Wapo wanaoelekea Tunduma kutafuta riziki mpakani, na wapo wanaopanda basi hadi Dar es Salaam, kwa matumaini ya kupata kazi ya kushona nguo viwandani Mabibo. Kwa kuwa ni watoto wetu wanaokwenda, tumeona ni wajibu kuwaeleza wazazi kinachowangoja huko.

Sheria ya Maeneo ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje ilipitishwa mwaka 2002. Mwekezaji aliyeingia chini yake alisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, naye akatakiwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake. Serikali iliacha mapato hayo kwa hoja moja kubwa, nayo ni ajira. Hoja hiyo si ya uongo. Eneo la Benjamin William Mkapa, pale Mabibo, limewapa kazi wanawake vijana wengi ambao hawakuwa na mshahara wowote kabla ya hapo.

Ila msamaha wa kodi huandikwa kwenye leseni, na mwekezaji huupata tangu siku ya kwanza. Haki ya mfanyakazi nayo imeandikwa, lakini hupatikana pale tu mkaguzi wa kazi anapofika, au mfanyakazi mwenyewe anapodai. Wako wanaodhani kuwa ndani ya uzio wa maeneo hayo sheria za kazi hazifanyi kazi. Hilo si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu wafanyakazi wa humo kama inavyowahusu wa nje.

Tuchukue mfano wa binti aliyetoka hapa kwetu. Katika amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, kima cha chini cha viwanda kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Viwango vimepanda tena kuanzia Januari 2026, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile. Sheria inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Ukigawa 150,000 kwa wiki 4.333 za mwezi, kisha kwa saa 45, unapata takriban shilingi 769 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani takriban shilingi 1,154.

Sasa msimamizi anamwambia binti huyo asiondoke mpaka atimize idadi ya nguo aliyopangiwa. Anabaki saa moja zaidi kila siku, siku tano kwa wiki, wala saa hiyo haiandikwi popote. Kwa mwezi anapoteza kama shilingi 25,000, ambayo ni sehemu ya sita ya mshahara wake. Hapigwi wala hatukanwi, na kwenye hati yake ya malipo kima cha chini kinaonekana kimetimizwa. Ndiyo maana hatumuulizi tu analipwa kiasi gani. Tunamuuliza pia anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi.

Pengo jingine liko kwenye mikataba. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Mwenye mkataba wa miezi mitatu unaorudiwa huamini kwamba kila mara anaanza upya. Sheria haisemi hivyo: muda kwa mwajiri yule yule hujumlishwa, uwe wa mkataba mmoja au zaidi. Kwa hiyo kila mkataba, hata uliokwisha, na utunzwe. Akifukuzwa, ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akirudi kwanza nyumbani Mbozi kutafuta ushauri na kukawia, muda unaweza kumpita.

Swala ya Ijumaa nayo huulizwa sana. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano kwa siku ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Ni vema kijana aombe mapema, tena kwa maandishi, saa yake ya Ijumaa iangukie wakati wa swala.

Jirani zetu Wakenya walipata funzo Januari 2003, wafanyakazi wa Athi River walipogoma kwa wingi kudai malipo na mazingira bora. Ajira zilikuwepo, na malalamiko yalikuwa yamerundikana. Hatusemi milango ifungwe. Tunasema kwamba mwekezaji akihesabiwa ajira alizoleta, zihesabiwe pia saa za ziada alizolipa na michango ya hifadhi ya jamii aliyowasilisha. Ujira wa aliyetoka jasho ni deni, na msamaha wa kodi haulifuti.