Ripoti ya Msaka Vipaji: Alichokiona, Anachokikisia na Asichokijua

Ripoti ya msaka vipaji kuhusu kiungo wa miaka 16 haihitaji kuzidi kurasa mbili. Anayeisoma ni mkuu wa akademi au kocha wa vijana ambaye hakuwapo uwanjani, na akishaisoma anatakiwa kuamua moja kati ya mambo matatu: kumwita kijana kwenye majaribio, kumtuma mtu mwingine akamtazame tena, au kuachana naye. Kinachomsaidia kuamua si wingi wa sifa. Anachohitaji ni kujua kipi kilionekana kwa macho, kipi kimekisiwa kutokana na kilichoonekana, na kipi bado hakijulikani. Ripoti nyingi dhaifu huyachanganya mawili ya kwanza na kuliruka kabisa la tatu.

Ripoti ya mfano itakayofuatwa hapa ni ya kiungo anayecheza namba nane katika timu ya mkoa kwenye mashindano ya shule za sekondari, yaani UMISSETA. Ametazamwa mechi tatu. Mbili zilichezwa kwenye uwanja wa udongo wenye mabonde, na ya tatu kwenye nyasi bandia. Anatumia zaidi mguu wa kulia, ni mfupi kuliko karibu wachezaji wote waliomzunguka, na hana misuli ya kutisha.

Sehemu ya juu ya ripoti hutaja mechi yenyewe: timu zilizocheza, matokeo, dakika alizocheza kijana, nafasi aliyopangwa, hali ya hewa na aina ya uwanja. Mwandishi mwenye haraka huijaza sehemu hii kama fomu tu, ilhali ndiyo inayoamua uzito wa kila kitu kitakachoandikwa chini yake. Katika mechi mbili za mwanzo, mpira ulimtoka kijana huyu mara kwa mara anapoupokea. Uligonga mguu ukaruka mbele, naye akalazimika kuukimbilia. Kama ripoti ingefungwa hapo, ingesema mguso wake wa kwanza ni mbovu, na kwa kiungo hilo ni doa kubwa. Kwenye nyasi bandia, mguu uleule uliuweka mpira pale alipotaka, hata pasi ilipokuja kwa kasi. Kwa hiyo ripoti inaandika mambo yote mawili na kueleza sababu inayoelekea kuwa ya kweli: kwenye udongo wa mabonde, mpira ulibadili mwelekeo katika hatua ya mwisho kabla ya kumfikia. Haisemi kwamba mguso wake ni bora, kwa sababu mechi moja kwenye uwanja mzuri haitoshi kusema hivyo.

Ubora wa kiungo huanza kuonekana kabla mpira haujamfika. Msaka vipaji anayejua kazi yake huuacha mpira kwa muda, labda dakika 10 katika kila kipindi, akamtazama mchezaji peke yake. Anachotafuta ni kichwa: je, kijana anachungulia begani kujua nani yuko nyuma yake, au macho yake yamegandia mpira? Mtafiti wa Norwe, Geir Jordet, aliwachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa picha za video zilizomfuata mchezaji mmoja mmoja, akaona kwamba waliochungulia mara nyingi zaidi kabla ya kupokea mpira ndio waliofanikiwa zaidi kupiga pasi za kwenda mbele. Huo ni uhusiano tu. Kuchungulia peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiungo mzuri, maana kuna wanaogeuza kichwa kwa mazoea bila kuona chochote. Inabidi kutazama pia kinachofuata.

Ndiyo maana sentensi kama "ana maono mazuri" haina faida kwa msomaji, kwani imejaa hukumu bila kuonyesha ushahidi. Ripoti ya mfano inaandika hivi: "Alichungulia bega la kulia mara mbili wakati beki wa kati akijiandaa kumpasia. Mkabaji alikuwa anamjia kutoka upande huo. Alipokea kwa mguu wa mbali, akageukia kushoto kwa mguso mmoja, akampasia winga. Jambo hili lilijirudia mara nyingi katika kila mechi, isipokuwa robo saa ya mwisho ya mechi ya tatu." Mkuu wa akademi akisoma hayo, anaweza mwenyewe kuona kwamba kijana anajua kilichopo nyuma yake. Kisha katika mstari wa peke yake linakuja kisio la mwandishi: kijana huyu anasoma mchezo mapema kuliko wenzake wa umri wake. Kuliandika kando ni jambo la lazima. Msomaji anaweza kuukubali ushahidi na kulikataa kisio, na ana haki hiyo.

Udhaifu nao huandikwa kwa nidhamu hiyohiyo, ingawa hapa kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu ukali humfanya mwandishi aonekane mtaalamu. Udhaifu wa kwanza wa kijana huyu ni mguu wa kushoto. Aliutumia mara chache, na karibu kila mara kwa pasi fupi ya kurudisha nyuma. Katika mechi ya pili wapinzani waligundua hilo baada ya mapumziko, wakawa wanamziba upande wa kulia na kumwachia kushoto, na tangu hapo hakupiga pasi hata moja ya maana kwenda mbele. Huu ni udhaifu ulio wazi na madhara yake yameonekana. Kufanya mazoezi kunaweza kuupunguza katika umri huu, lakini ripoti haimhakikishii mtu kwamba utaisha.

Udhaifu wa pili ni mgumu zaidi kuuandika. Katika nusu saa ya mwisho ya mechi ya tatu, timu yake ilipopoteza mpira, kijana alitembea. Kiungo wa upande wa pili alimpita mara mbili akakimbilia ndani ya boksi, na mara moja bao likafungwa. Neno "mvivu" liko jirani kabisa. Lakini mashindano haya huchezwa siku zinazofuatana, na hiyo ilikuwa mechi yake ya tatu ndani ya muda mfupi, zote akicheza dakika zote. Katika mechi ya kwanza, akiwa na nguvu mpya, alirudi kukaba kila mara. Huenda kachoka, huenda mwalimu alimwambia abaki juu kusubiri shambulizi la kushtukiza, au huenda kweli hapendi kukaba timu inapokuwa nyuma. Ripoti inaandika tendo, inaandika mazingira, na haigusi tabia ya mtoto. Neno moja la kumhukumu likishaingia kwenye kabrasha la akademi, huendelea kusomwa na watu ambao hawatamtazama kijana huyo kamwe.

Baada ya hapo ripoti inafika kwenye yasiyojulikana. Kubwa kuliko yote ni mwili. Kwa wastani, wavulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka kama 14, lakini tofauti kati ya mtoto mmoja na mwingine inaweza kuwa miaka kadhaa. Uwanjani wanaweza kukutana vijana wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa, mmoja akiwa amekwisha kukua na mwingine ndiyo kwanza anaanza. Aliyewahi hushinda mipira kwa nguvu na kasi, na faida hiyo hupungua wenzake wanapomfikia. Aliyechelewa hulazimika kuishi kwa akili na ufundi, kama anavyofanya kijana huyu. Luka Modrić alikataliwa na Hajduk Split akiwa mtoto kwa kuonekana mdogo na dhaifu wa mwili, Dinamo Zagreb ikamchukua na kumpeleka kwa mkopo ligi ya Bosnia akiwa na miaka 18, na mwaka 2018 akachukua tuzo ya Ballon d'Or.

Mfano wa Modrić hutajwa sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Wapo viungo wengi wadogo wa mwili waliobaki wadogo na wakashindwa kuhimili soka la wakubwa, na majina yao hayakumbukwi kwa sababu hawakufika popote. Udogo wa kijana hauthibitishi kwamba atakua, wala hauthibitishi kwamba hatakua. Dalili zipo: urefu wa wazazi na kaka zake, na vipimo vya urefu wake vya miezi ya karibuni kama shule inavyo. Msaka vipaji akiweza kuzipata, anaziandika. Asipoweza, anaandika kwamba hakuzipata, ili msomaji asidhani suala hilo limechunguzwa.

Umri nao ni suala la kuandikwa bila aibu. Tangu mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 2009 nchini Nijeria, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwa wachezaji wa chini ya miaka 17. Mfupa ulio karibu na kifundo ukiwa umeshaungana kabisa, ni vigumu sana mwenye nao awe hajatimiza miaka 17. Lakini kipimo hiki huenda upande mmoja tu: mfupa ambao haujaungana hauthibitishi kwamba kijana ana miaka 16, kwa kuwa baadhi ya watu huchelewa. Msaka vipaji wa kawaida hana mashine hiyo. Alichonacho ni cheti cha kuzaliwa na tarehe kilipotolewa, na cheti kilichotolewa wiki moja kabla ya mashindano kinastahili kutajwa bila kumtuhumu mtu yeyote.

Jambo la mwisho lisilojulikana ni kiwango cha wapinzani. Katika mechi zote tatu, mara nyingi aliachiwa nafasi ya kugeuka. Hakuna aliyemkaba mtu kwa mtu tangu mwanzo, hivyo haijaonekana atafanya nini akinyimwa sekunde hizo mbili.

Alama zinazotolewa mwishoni hufuata hali hiyo. Alama ya uwezo wa sasa inaweza kuwa moja, kwa sababu imetazamwa: kwa kijana huyu ni 6 kati ya 10. Ya uwezo wa baadaye haiwi namba moja, bali ni kati ya 5 na 8, na upana huo una sababu mbili zilizoandikwa pembeni yake, mwili na kiwango cha wapinzani. Namba moja pekee mahali hapo ingeonyesha uhakika ambao mwandishi hana.

Pendekezo linalotoka ni kwamba asiitwe majaribio bado, atazamwe tena. Litakuwa pendekezo la akademi ya ndani, kwa kuwa kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache. Atakayekwenda awe mtu mwingine, asiwe ameiona alama ya mwenzake. Amtazame baada ya siku kadhaa za kupumzika, dhidi ya timu ya vijana ya klabu inayokaba kwa presha, kwenye uwanja wenye nyasi. Aandike mara ngapi kijana alilazimishwa kutumia mguu wa kushoto na kilichotokea, na baada ya dakika ya 60 amfuate yeye peke yake kila timu yake inapopoteza mpira. Baada ya miezi sita urefu wake upimwe tena.