Video Fupi na Video Ndefu za Duka: Kila Moja na Mtazamaji Wake

Anayefungua duka la vitenge Kariakoo kwa mara ya kwanza, akitaka kulitangaza kwa simu yake, mara nyingi hurekodi video ya dakika tano, kisha huikata vipande vya sekunde ishirini. Vipande hivyo haviuzi, kwa sababu video fupi haizaliwi na video ndefu.

Tofauti si urefu tu. Tangu 2022, TikTok inapokea hata video ya dakika 10. Tofauti iko kwa mtazamaji. Anayekutana na video fupi hakuwa anakutafuta. Yuko kwenye daladala, anapitisha kidole kwenye kioo, na wewe umemtokea tu. Anayefungua ndefu ana swali kichwani, na pengine fedha ameshaitenga.

Kwa huyo wa kwanza, salamu na historia ya duka ni muda unaompa wa kukupita. Mwonyeshe gauni lililokwisha kushonwa tangu sekunde ya kwanza, kisha kitambaa chenyewe, kisha bei na mtaa ulipo. Andika bei na mtaa kwenye picha, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Kitenge kimoja kinatosha. Ukionyesha kumi, hatakumbuka hata kimoja.

Wa pili anauliza: nitajuaje kama hiki ni pamba au polista? Hapo haraka inaharibu. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uuchome mbele ya kamera. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa polista huyeyuka, ukipoa unaganda kitone kigumu. Kisha geuza kitambaa: kitenge cha waksi rangi zake hukolea karibu sawasawa pande zote mbili, ilhali cha kuchapwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Mtazamaji lazima asubiri uzi upoe, auone ukibonyezwa kwa kucha. Ukiyabana hayo kwenye sekunde ishirini, ataona moto tu na asijifunze kitu.

Dalili za kukosea nazo hazifanani. Chini ya video fupi wakijaa wanaouliza "bei gani?", hukuiandika, na kuwajibu "njoo inboksi" kunawafukuza wengi waliokuwa tayari kununua. Kwa ndefu, fungua YouTube Studio uangalie mchoro wa watazamaji wanaobaki. Ukiporomoka mwanzoni, utangulizi umezidi. Ukiporomoka katikati, rudi uitazame dakika hiyo. Huenda ndipo ulipoliacha swali lao ukaanza kulisifu duka.

Kwa hiyo anza na fupi, moja kwa kila kitenge kipya kinachoingia. Ndefu irekodi pale wateja watakapokuuliza swali lilelile mara kwa mara dukani.