Gawio Linapokuwa Gharama: Uhasibu wa Hisa za Upendeleo Zinazokombolewa

Makala haya yanafafanua sababu ya hisa za upendeleo zinazokombolewa kuingizwa katika dhima za kampuni, na namna gawio lake linavyoingizwa katika gharama za fedha. Hoja yake kuu ni kwamba jina la "hisa" halitoshi kuamua mahali pa chombo hicho katika mizania. Kinachoamua ni jibu la swali moja: je, kampuni inaweza kuepuka kulipa fedha bila kuvunja mkataba?

Msingi wa swali hilo umo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 32. Kwa mujibu wa kiwango hicho, chombo cha kifedha huainishwa kwa kuangalia kiini cha mkataba na si umbo lake la kisheria. Hisa ya upendeleo ambayo kampuni inalazimika kuikomboa kwa kiasi kinachojulikana, katika tarehe inayojulikana, ni dhima. Hali ni hiyo hiyo iwapo mwenye hisa ndiye aliyepewa haki ya kudai ikombolewe. Lakini ikiwa hiari ya kukomboa iko mikononi mwa kampuni yenyewe, na gawio pia hutolewa kwa hiari yake, hisa hiyo hubaki kuwa sehemu ya mtaji wa wanahisa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuishurutisha kampuni kulipa.

Gawio hufuata uainishaji huo. Hisa yote ikiwa ni dhima, malipo kwa mwenye hisa yana tabia ile ile ya riba inayolipwa kwa mwenye hati fungani. Kwa hiyo huingizwa katika taarifa ya faida au hasara kama gharama, wala hayapunguzwi moja kwa moja kutoka katika faida iliyolimbikizwa. Kampuni inaruhusiwa kuyaonyesha pamoja na riba nyingine au katika mstari wake peke yake.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha hatua zenyewe. Tarehe 1 Januari 2021 kampuni inatoa hisa za upendeleo 100,000 kwa shilingi 10,000 kila moja, na kupokea shilingi milioni 1,000. Masharti yanaitaka ilipe gawio la asilimia 8 kila tarehe 31 Desemba, yaani shilingi milioni 80, na kuzikomboa hisa zote tarehe 31 Desemba 2023 kwa shilingi 10,662 kila moja. Kiasi cha ukombozi ni shilingi milioni 1,066.2. Gharama za kutoa hisa na kodi zimeachwa kando ili hesabu ionekane wazi.

Kwa kuwa gawio na ukombozi vyote ni vya lazima, shilingi milioni 1,000 zote ni dhima. Hatua inayofuata ni kutafuta kiwango halisi cha riba, yaani kile kinachofanya thamani ya sasa ya malipo yote ya baadaye ilingane na fedha zilizopokelewa. Katika mfano huu kiwango hicho ni asilimia 10. Mwaka 2021 gharama za fedha ni asilimia 10 ya milioni 1,000, sawa na shilingi milioni 100. Katika vitabu, gharama za fedha hudebitiwa milioni 100, fedha taslimu hukreditiwa milioni 80, na dhima hukreditiwa milioni 20 zilizobaki. Dhima inafikia milioni 1,020. Mwaka 2022 gharama ni milioni 102 na dhima inafikia milioni 1,042. Mwaka 2023 gharama ni milioni 104.2, na baada ya gawio la mwisho dhima inakuwa milioni 1,066.2, kiasi kile kile kinacholipwa wakati wa ukombozi.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Mtayarishaji wa hesabu anaweza kuingiza milioni 80 za gawio peke yake katika kila mwaka, kisha nyongeza ya ukombozi ya milioni 66.2 yote ikaangukia mwaka 2023. Jumla ya gharama ya miaka mitatu, milioni 306.2, haibadiliki, lakini faida ya miaka miwili ya mwanzo inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Dalili yake ni dhima isiyopanda mwaka hadi mwaka ingawa bei ya ukombozi inazidi bei ya kutolewa.

Athari ya uainishaji si ya mpangilio wa kurasa tu. Tuseme kampuni hiyo ilikuwa na mkopo wa benki wa shilingi milioni 1,200 na mtaji wa wanahisa wa kawaida wa milioni 1,500, na benki imeweka sharti kwamba uwiano wa madeni kwa mtaji usizidi 1. Hisa za upendeleo zikiwekwa katika mtaji, uwiano siku ya kutolewa kwake ni 1,200 kwa 2,500, yaani 0.48. Zikiwekwa katika dhima, ni 2,200 kwa 1,500, takriban 1.47. Fedha ni zile zile na mkataba ni ule ule, lakini katika hesabu ya pili sharti la mkopo limevunjwa. Aidha, katika mizania ya tarehe 31 Desemba 2022 dhima yote ya milioni 1,042 inakuwa ya muda mfupi, kwa sababu imebakiza miezi kumi na miwili kabla ya kulipwa.

Kosa la pili hujitokeza katika hesabu ya mapato kwa kila hisa ya kawaida. Ikiwa faida ya mwaka 2021 kabla ya gharama ya hisa hizi ni milioni 300 na hisa za kawaida ni 1,000,000, faida inayobaki ni milioni 200, na mapato ni shilingi 200 kwa kila hisa. Anayetoa tena milioni 80 za gawio kwa mazoea ya hisa za upendeleo zilizomo katika mtaji atapata shilingi 120, ilhali gawio hilo limekwisha kutolewa ndani ya gharama za fedha.

Kanuni hii ina mipaka yake. Ikiwa ukombozi ni wa lazima lakini gawio ni la hiari ya kampuni, na gawio lisilotolewa haliongezwi katika kiasi cha ukombozi, chombo hugawanywa. Kwa takwimu zile zile, thamani ya sasa ya milioni 1,066.2 kwa asilimia 10 ni takriban milioni 801, nayo ndiyo dhima. Milioni 199 zinazobaki ni mtaji. Gharama za fedha za mwaka wa kwanza ni takriban milioni 80.1 zinazotokana na dhima kukaribia siku ya kulipwa, na gawio likitolewa hupunguzwa kutoka katika mtaji. Kwa upande mwingine, upungufu wa fedha au wa faida inayoweza kugawiwa hauifanyi hisa ya kukombolewa kwa lazima iwe mtaji. Kampuni inaweza kuzuiwa na sheria kulipa kwa wakati fulani, lakini wajibu wenyewe haufutiki.

Kwa hiyo uchambuzi wa hisa hizi huanza katika masharti ya kutolewa kwake: nani ana haki ya kudai ukombozi, gawio ni la lazima au la hiari, na lisilolipwa huenda wapi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua kiasi cha dhima na mahali pa gawio.