Wino mwekundu ndio unaouzika

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huingia darasani Julai. Katika miezi hiyo ya kusubiri, mjini Tabora kama kwingineko, wapo wahitimu wanaofungua daftari zao za zamani na kujiuliza kama zinaweza kuwapatia hela. Wadogo zao wa Milambo, Kazima, Tabora Boys na Tabora Girls wanatafuta notisi na maswali ya kujipimia, na steshenari haiko mbali. Kabla ya kwenda kutoa kopi, daftari hilo linahitaji kusomwa upya kwa jicho la mtu anayeuliza: humu ndani, kipi ni changu?

Chukua daftari la historia, mada ya biashara ya misafara. Maelezo yaliyonakiliwa ubaoni ni ya mwalimu. Aya nzima zilizotoka kwenye kitabu ni za mwandishi na mchapishaji. Maswali ya mitihani iliyopita yametungwa na Baraza la Mitihani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi, na hata mihadhara, bila mwenyewe kulazimika kuyasajili kwanza. Kwa hiyo daftari likiwa mali yako na mwandiko ukiwa wako, maneno yaliyomo yanaweza kuwa ya mwingine. Kuyatafsiri hakubadilishi kitu, kwa sababu haki ya kutafsiri nayo ni ya mwenye kazi.

Asichokimiliki mtu ni ukweli wenyewe. Kwamba njia kuu ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, kwamba Mirambo alifariki mwaka 1884, kwamba reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, hayo yeyote anaweza kuyaandika kwa maneno yake. Njia ninayoiamini ni kusoma vyanzo viwili au vitatu, kuvifunga vyote, kisha kumwandikia mdogo wako kana kwamba amekuuliza. Ukiona unafungua kitabu kila sentensi, bado unanakili.

Lakini notisi za namna hiyo zimejaa kila kona, na mnunuzi hana sababu ya kuchagua zako. Kilicho chako peke yako ni yale majibu uliyokosea na mwalimu akayapiga mkasi kwa wino mwekundu. Mwandishi wa kitabu hajui mwanafunzi wa kidato cha pili anachanganya wapi. Wewe unajua, kwa sababu ushahidi upo kwenye madaftari yako ya mazoezi na karatasi za majaribio. Zipange, kusanya makosa yaliyojirudia, na kila kosa ligeuze kuwa swali.

Tuone jinsi inavyofanyika. Tuseme wino mwekundu unaonyesha makosa mawili. La kwanza, umeandika kwamba Stanley na Livingstone walikutana Tabora. Walikutana Ujiji mwaka 1871, kisha wakasafiri pamoja hadi Tabora, wakakaa Kwihara, wakaagana hapo Machi 1872. La pili, umemfanya Mirambo kuwa mtawala wa Unyanyembe, ilhali makao yake yalikuwa Urambo, upande wa magharibi, na Unyanyembe ndiyo aliyopigana nayo kuanzia 1871. Swali la kuchagua linajijenga lenyewe: “Makao ya Mirambo yalikuwa wapi?” Majibu ni Urambo, Unyanyembe, Ujiji na Bagamoyo. Unyanyembe na Ujiji ni mitego ya kweli kwa sababu zinahusiana na habari hiyo hiyo. Bagamoyo ni dhaifu. Asiyejua chochote ataiondoa mara moja, hivyo weka Karagwe badala yake.

Kisha andika ufafanuzi wa jibu, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Kuandika “A” pekee hakumsaidii aliyechagua B. Mweleze kwamba Unyanyembe ilikuwa himaya ya jirani, iliyokuwa na makazi ya wafanyabiashara Waarabu hapo Tabora, na ugomvi wao na Mirambo ulihusu nani ashike njia ya misafara na kutoza hongo. Mistari mitatu inatosha. Mtoto akiisoma anajua kwa nini amekosa, na hilo ndilo analolipia.

Karatasi ya ramani tupu nayo huuzika vizuri, ila usiipige picha ile ya kitabuni. Chora yako: mstari wa pwani, Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika, na nukta zisizo na majina kwa ajili ya Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Tumia mistari mitupu bila kivuli, maana kivuli cha kijivu kikipita kwenye mashine ya fotokopi mara mbili huwa doa jeusi. Acha ukingo wa sentimita moja na nusu, la sivyo mashine itakata pwani yote.

Sasa hesabu. Kitabu kidogo cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kurasa 16 ni karatasi nne zilizochapwa pande mbili, yaani pande nane. Tukadirie shilingi 100 kwa upande, ni 800, na jalada la manila na pini 200, jumla 1,000. Ukiuza 1,500 na mwenye steshenari aliyepokea kwa mali kauli akachukua 200, unabaki na 300. Kama kuchapa kwenye kompyuta kulikugharimu 16,000, unahitaji kuuza nakala 54 ndipo fedha hiyo irudi.

Tazama pengo lililopo hapo. Mwanafunzi anaweza kutoa kopi ya kitabu chako kwa shilingi 800, na 700 ikabaki mfukoni mwake. Ndiyo maana mauzo hukatika ghafla baada ya nakala chache darasani. Sheria iko upande wako, lakini humpeleki mtoto wa shule mahakamani kwa kurasa 16. Dawa ni kupunguza pengo. Mashine ya riso, ile shule nyingi zinayotumia kudurufu mitihani, hula gharama kubwa kwenye masta, kisha kila nakala inayofuata huwa rahisi, hivyo ukiwa na oda ya darasa zima bei inaweza kushuka. Kusanya majina na hela kwanza, ndipo uchapishe. Faili la PDF nisingelituma kwenye kundi la wasap hata mtu akilipa, kwa kuwa mnunuzi wa kwanza huwa pia wa mwisho.

Jambo moja linaweza kuharibu kazi yote hii. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, na umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Aliyesoma historia kwa Kiingereza chini ya mtaala wa zamani ana daftari ambalo mpangilio wake wa mada huenda haulingani tena na wa mdogo wake. Tafuta muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, weka kila swali chini ya mada yake ya sasa, na lisilo na mahali liondoe hata kama unalipenda. Juu ya jalada andika kidato, somo, mtaala na mwaka wa toleo, ili mzazi anayenunulia mtoto asichukue kisichomhusu, na usiandike kwamba maswali haya “yatatoka” kwenye mtihani.