Kifungu cha Siri na Uvumbuzi: Upana Ndio Unaokiangusha

Katika mikataba mingi ya ajira inayosainiwa Nairobi kuna aya moja ambayo hakuna anayeisoma hadi mwisho. Inasema kwamba taarifa zote za kampuni, za aina yoyote, zilizoandikwa au zilizosemwa, ni siri milele. Na kwamba kila atakachobuni mfanyakazi, wakati wowote, mahali popote, kiwe kinahusiana na kazi yake au hakihusiani, ni mali ya mwajiri. Aya hiyo hurithiwa kutoka mkataba hadi mkataba, na kila anayeirithi huongeza neno “au” hapa na pale, akiamini kwamba wavu mpana ndio unaovua zaidi. Ninavyoona mimi mambo ni kinyume. Upana unaoifanya aya hiyo isisomeke ndio huohuo unaoifanya ianguke mahakamani, na anayeiandika kwa lugha ambayo mfanyakazi ataielewa hulazimika kuamua anataka kulinda nini hasa. Uamuzi huo ndio mahakama inaoutafuta.

Kesi inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ya Uingereza, ya Electrolux dhidi ya Hudson, iliyoamuliwa mwaka 1977. Hudson alikuwa mtunza stoo. Akiwa nyumbani, nje ya saa za kazi, alibuni kiunganishi cha kushikizia mfuko wa vumbi kwenye mashine ya kufyonza vumbi. Mkataba wake ulisema kwamba kila uvumbuzi atakaoufanya kuhusu bidhaa yoyote inayotengenezwa au kuuzwa na Electrolux, au na kampuni yoyote mshirika wake, ndani ya Uingereza au kwingineko, ni wa mwajiri. Kwa maneno yalivyo, kiunganishi kile kilikuwa kimenaswa barabara. Lakini mahakama iliuliza swali jingine: mtu aliyeajiriwa kutunza stoo, ambaye halipwi kubuni chochote, ana sababu gani ya kufungwa na ahadi inayogusa bidhaa za kampuni ambazo huenda hata hajui kama zipo? Kifungu kikaonekana ni kizuizi kisicho cha haki, kikawa batili chote, na uvumbuzi ukabaki wa Hudson. Kama kampuni ingeandika tu kwamba inadai kile ambacho mfanyakazi anabuni katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, mtunza stoo asingeguswa, lakini wahandisi wake wangekuwa wamefungwa na ahadi inayosimama.

Kenya haikuliacha suala hili kwa majaji peke yao. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 kinaanza kwa kumpa mwajiri haki ya hataza kwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira. Kisha kinamwachia mfanyakazi uvumbuzi usiohusiana na ajira yake, uliofanywa bila kutumia vifaa, data wala mali nyingine ya mwajiri. Uvumbuzi ukiwa wa thamani ya pekee, mfanyakazi ana haki ya malipo ya ziada yanayolingana. Na masharti ya mkataba yanayompunguzia mvumbuzi haki hizo ni batili. Kwa hiyo ile aya ya “wakati wowote, mahali popote” inaingia mahakamani ikiwa tayari imegongana na sheria.

Tuchukue kampuni ya Nairobi inayotengeneza programu za simu kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo, na mwandishi wa programu anayeajiriwa leo. Sehemu ya uvumbuzi ingeweza kusomeka hivi: “Programu, michoro na uvumbuzi unaoufanya katika kazi tuliyokuajiri kuifanya ni mali ya kampuni. Kwa kusaini mkataba huu unahamishia kampuni haki zote za kazi hiyo, tangu zinapopatikana. Unachobuni nje ya kazi yako, bila kutumia vifaa, data au fedha za kampuni, ni chako. Uvumbuzi wa thamani ya pekee utalipwa zaidi kama sheria inavyotaka.” Sentensi fupi, na kila moja ina kazi yake. Ya pili ndiyo yenye uzito kuliko inavyoonekana. Nchini Marekani, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ameahidi chuo kwamba atakihamishia haki zake. Baadaye akasaini hati ya kampuni ya Cetus iliyosema kwamba anazihamisha kwa saini hiyo. Mzozo kuhusu njia ya kupima virusi vya Ukimwi ulifika Mahakama ya Juu mwaka 2011, na chuo kikashindwa kuwa mmiliki pekee. Ahadi ya kutoa kesho ilishindwa na tendo la kutoa leo.

Upande wa siri ni mgumu zaidi, kwa sababu siri na ujuzi hukaa katika kichwa kimoja. Katika kesi ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1986 ilimtazama meneja wa mauzo aliyeacha kazi ya kuuza kuku kwa magari yenye majokofu, akaanzisha biashara ileile katika eneo lilelile. Kampuni ililalamika kwamba ametumia majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka bidhaa na bei. Mkataba wake haukuwa na sharti lolote kuhusu hayo baada ya ajira, na mahakama ikasema kwamba wajibu unaobaki pasipo mkataba ni wa kulinda siri za biashara za kweli, si kila taarifa ambayo mtu aliipata kazini. Madereva na makarani walizijua habari zilezile. Tena kampuni ilikuwa imezifunga zote katika furushi moja: pengine bei peke yake ingeweza kubishaniwa, lakini haikutengwa na mengine ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi pale angeyakumbuka bila kutaka.

Kwa kampuni yetu ya programu, basi, siri zitajwe kwa majina: msimbo wa programu, namna ya kukokotoa alama za mkopaji, orodha ya vyama vinavyohudumiwa pamoja na bei ambayo kila kimoja kinatozwa, na data za wanachama. Hapo mwanasheria atapinga: ukiorodhesha, kitu cha kesho kitabaki nje. Ni hoja ya haki, lakini dawa yake ni kuongeza kipimo, si kurudisha neno “zote”. Andika kwamba siri ni pia taarifa nyingine ambayo haijulikani nje, ambayo kampuni imeizuia isionwe na kila mtu, na ambayo mfanyakazi ameambiwa ni siri. Kipimo hicho kinamrudishia mwajiri mzigo kidogo, maana msimbo ulioachwa wazi kwa kila anayepita hauwezi kuitwa siri. Taja pia kisichofungwa: ujuzi wa kazi, mambo yaliyokwisha kutangazwa, na kupeleka taarifa za uhalifu kwa vyombo vya dola. Nchini Kenya Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inawalinda watoa taarifa, na sharti la siri linaloonekana kuwaziba midomo litachafua hata sehemu zake safi.

Pingamizi jingine ni kwamba maneno ya kale yamekwisha kupimwa mahakamani. Machache yamepimwa, kama “hataza” na “kuhamisha haki”, na hayo yabaki. “Popote” nalo limepimwa, likashindwa. Isitoshe, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeuelewa mkataba anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Mwajiri mwenye aya isiyoelezeka ana shida ya ushahidi hata kabla kesi haijaanza.

Wengine hutegemea sharti la mwisho linalosema kwamba sehemu moja ikiwa batili, nyingine zitabaki. Sharti hilo ni zuri, lakini lina mpaka. Mahakama zinazofuata desturi ya Uingereza hukubali kufuta maneno iwapo yanayobaki bado yanasimama yenyewe bila kubadili ahadi. Hazimwandikii mwajiri mkataba upya. Katika aya ya mistari kumi na miwili iliyounganishwa kwa “au” na “pamoja na”, hakuna mahali pa kukata bila kuangusha yote. Katika sentensi nne zilizoachana, jaji anaweza kuchora mstari juu ya moja na kuziacha tatu.