Rejesho Moja, Mafungu Mawili

Benki inapokata rejesho la kwanza la mkopo wa biashara, wenye maduka wengi huandika mstari mmoja tu kwenye daftari: marejesho ya mkopo, matumizi. Kiasi kimeandikwa sawasawa na tarehe ni ya kweli, lakini hesabu imeshapotoka. Ndani ya rejesho lile mna fedha za aina mbili. Moja ni riba, yaani bei ya kutumia fedha za benki, nayo ni gharama ya biashara kama kodi ya pango au umeme. Nyingine ni sehemu ya deni la msingi, na hiyo si gharama hata kidogo. Ni fedha ya benki inayorudi kwa mwenyewe.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililokopa shilingi 12,000,000 tarehe 1 Julai, kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Asilimia 18 ukiigawa kwa miezi 12 unapata asilimia 1.5 kwa mwezi. Benki imepanga rejesho liwe lile lile kila mwezi, shilingi 1,100,160.

Mwisho wa Julai duka bado linadaiwa 12,000,000 zote, kwa hiyo riba ya mwezi huo ni asilimia 1.5 ya kiasi hicho: 180,000. Kinachobaki kwenye rejesho, 920,160, ndicho kinachopunguza deni, nalo linashuka hadi 11,079,840. Agosti riba inapigwa kwenye salio hilo jipya na kuwa 166,198. Rejesho halijabadilika, hivyo sehemu ya deni la msingi inapanda hadi 933,962. Mwendo ni huo huo kila mwezi, riba ikipungua na msingi ukiongezeka, mpaka Juni ambapo riba ni 16,259 tu na 1,083,901 zilizobaki zinamaliza deni lote. Riba ya mwaka mzima inafika 1,201,920.

Mgawanyo huu ndio unaoandikwa kwenye ratiba ya marejesho, ile karatasi yenye safu za tarehe, rejesho, riba, msingi na salio. Ni haki ya mkopaji kuiomba kabla hajatia saini, na asiondoke benki bila kuwa nayo. Ukitaka kuihakiki kwa Excel, kanuni tatu zinatosha: ya kwanza inatoa rejesho, ya pili riba ya mwezi wa kwanza, ya tatu msingi wa mwezi huo.

```
=PMT(1.5%,12,-12000000)
=IPMT(1.5%,1,12,-12000000)
=PPMT(1.5%,1,12,-12000000)
```

Kwa miezi inayofuata, badilisha ile 1 iliyo baada ya asilimia.

Ukiwa na ratiba hiyo mkononi utajua mara moja kama umepewa riba ya aina nyingine, ile isiyopungua, ambayo wengi huiita flati. Hapo asilimia 18 hupigwa kwenye 12,000,000 zote hadi mwezi wa mwisho, hata deni likiwa limebaki milioni moja. Riba inakuwa 2,160,000 na rejesho 1,180,000. Asilimia iliyotajwa dirishani ni ile ile, ila kwa kipimo cha salio linalopungua mkopo huo una riba ya karibu asilimia 32 kwa mwaka. Nasema wazi kwamba kulinganisha mikopo miwili bila kuuliza riba inakokotolewa kwenye salio gani ni kupoteza muda.

Turudi kwenye vitabu vya duka letu. Siku mkopo ulipoingia, akaunti ya benki iliongezeka 12,000,000 na upande wa pili likazaliwa deni la 12,000,000. Fedha hiyo si mauzo wala mapato. Kama benki ilikata ada ya 120,000 kabla ya kuingiza fedha, akaunti itaonyesha 11,880,000, lakini deni linaandikwa kamili 12,000,000 na ile 120,000 inaandikwa kama gharama ya mkopo. Kisha kila rejesho linaingizwa kwa mistari mitatu. Kwa Julai: debiti gharama ya riba 180,000, debiti mkopo wa benki 920,160, krediti akaunti ya benki 1,100,160. Mistari miwili ya debiti ikijumlishwa lazima ilingane na krediti.

Sasa tuone hasara ya kutogawa. Tuseme kuanzia Julai hadi Desemba duka limepata faida ya 9,000,000 kabla ya kuhesabu mkopo. Katika miezi hiyo sita limelipa benki 6,600,960, ambazo riba yake ni 868,777 na msingi ni 5,732,183. Mwenye duka aliyeandika rejesho lote kama matumizi anaona faida ya 2,399,040 na kuanza kufikiria kupunguza wafanyakazi. Faida yake halisi ni 8,131,223. Tena mizania yake inaonyesha bado anadaiwa 12,000,000, wakati benki inamdai 6,267,817.

Kodi nayo inaingia hapa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inaruhusu riba ya mkopo uliotumika kwenye biashara kuondolewa kabla ya kukokotoa faida inayotozwa kodi, ila hairuhusu marejesho ya msingi. Kwa mfanyabiashara anayetengeneza hesabu kamili, kuingiza 5,732,183 kwenye gharama ni kuonyesha faida pungufu mbele ya mamlaka ya kodi, na mkaguzi akilinganisha na taarifa za benki ataiona.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kutoa rejesho lote kwenye deni na kuisahau riba. Kufikia Desemba vitabu vitaonyesha deni la 5,399,040. Toa kiasi hicho kwenye salio la benki na utapata 868,777, ambayo ndiyo riba ya miezi sita isiyoandikwa. Asipolinganisha, ikifika Mei akaunti ya mkopo itakuwa chini ya sifuri, kana kwamba benki ndiyo inayodaiwa na duka.

Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kimoja: kila mwisho wa mwezi, salio la mkopo kwenye leja lilingane na salio kwenye taarifa ya mkopo ya benki. Tofauti ikiwa ndogo, chanzo mara nyingi ni siku. Benki nyingi hukokotoa riba kwa siku, si kwa mwezi. Kwa Julai yenye siku 31, 12,000,000 kwa asilimia 18 kwa mwaka wa siku 365 inazaa riba ya 183,452, si 180,000. Vitabu vifuate kilichotozwa na benki.

Tofauti ikiwa kubwa, tazama kama kuna rejesho lililochelewa. Kwa kawaida fedha ya rejesho la aina hiyo hulipa kwanza adhabu, halafu riba iliyolimbikizwa, na ndipo msingi uguswe. Adhabu inaandikwa gharama kwa mstari wake, isichanganywe na riba. Na kama duka limelipa zaidi ya rejesho la mwezi ili kupunguza deni, ratiba ya zamani haifai tena, kwa sababu kila riba iliyokuwa mbele ilipigwa kwenye salio ambalo sasa halipo. Iombwe mpya kabla ya kuandika mwezi unaofuata.