Krimu Inayotuliza Uso, Kisha Kuuchoma

Wengi wetu hununua dukani krimu yenye klobetasoli au betamethasoni ili kuondoa madoa au kung'arisha uso. Dawa hizi ni steroidi. Hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe, ndiyo maana siku za kwanza ngozi hupendeza.

Lakini ngozi ya uso ni laini, nayo hunyonya dawa kuliko ya mkono. Tulimpokea mama aliyejipaka kila usiku kwa miezi minane. Ngozi yake ilikuwa imekonda, mishipa ikionekana mashavuni, na vipele kama chunusi, vyote vya ukubwa mmoja, vimezunguka mdomo. Kila alipoacha, siku ya nne uso uliiva kwa wekundu, ukavimba na kuwaka. Alidhani ugonjwa umerudi, akapaka tena, ukatulia.

Huo ndio mtego. Wekundu ule si ugonjwa wa zamani. Ni mishipa iliyobanwa muda mrefu ambayo sasa inatanuka kwa nguvu. Kupaka tena huahirisha mateso na kuzidi kuikondesha ngozi.

Mama yule aliacha krimu zote, akanawa kwa maji matupu, akavaa kofia juani, akameza doksisaiklini wiki sita, dawa asiyopewa mjamzito. Majuma mawili ya kwanza yalikuwa magumu. Baada ya miezi mitatu vipele viliisha, ingawa mishipa kadhaa ilibaki ikionekana.

Kama umejipaka kwa muda mrefu, njoo zahanati na tyubu yako kabla ya kuacha.